Shajara ya mradi: storibodi ya "Karabai" kwa meseji, kutoka Ujiji hadi Tabora

Siku ya 1

Hadithi imekamilika. Ni filamu fupi ya dakika 4, nitaipiga kwa simu hapa Ujiji ufukoni: baba mvuvi anaondoka jioni kwenda kuvua dagaa na kuisahau karabai nyumbani, binti yake anaikimbiza mpaka majini, usiku unapita, asubuhi mtumbwi unarudi. Hakuna anayeongea. Kwa hiyo picha zisipoeleweka hakuna maneno ya kuziokoa.

Kabla ya kupiga nahitaji storibodi, yaani filamu nzima ikiwa imechorwa karatasini picha kwa picha, kila picha fremu moja. Tatizo langu ni kwamba sijui kuchora. Mchoraji ninayemwamini yuko Tabora, na simu yake ni kiswaswadu. Picha haipokei, anapokea meseji za maandishi tu. Michoro yake nitaiona siku ambazo jirani yake mwenye simu kubwa yuko nyumbani. Kwa hiyo fremu zote 22 lazima niziseme kwa maneno, na meseji moja ni herufi 160. Nimejiwekea sharti: fremu moja, meseji moja, mbili zikizidi sana.

Leo nimetuma fremu 1 hadi 5. Nimelala vizuri. Nisingelala vizuri kama ningejua nilichotuma.

Siku ya 6

Michoro mitano imefika. Mizuri, na yote haifai.

Mitatu ya kwanza ameichora wima, kama picha ya pasipoti. Kosa langu, sikusema. Skrini ni 16 kwa 9, na kwenye karatasi hilo ni jambo rahisi: nimemwambia apige mstatili wa sentimita 16 kwa 9, unalala, miwili kwa kila ukurasa wa A4, nafasi inayobaki aandike namba ya fremu. Hilo limeisha.

Lisiloisha haraka ni fremu ya 4 na ya 5. Fremu ya 4 niliandika hivi: "Binti anatoka uchochoroni anakuja kwetu, karabai mkono wa kushoto." Yeye akaichora taa upande wa kushoto wa karatasi. Lakini binti anatutazama sisi. Mkono wake wa kushoto uko kulia mwa karatasi. Mchoraji amempa taa mkono wa kulia bila kujua.

Mtu anaweza kusema, mkono huu au ule, kuna nini? Kipo. Fremu ya 5 tunamwona binti kwa ubavu, anatazama ziwa. Kamera iko kusini kwake na inatazama kaskazini. Akiwa ameshika taa mkono wa kushoto, mkono huo ndio ulio karibu na kamera, na taa inaonekana yote. Akishika kwa mkono wa kulia, taa inajificha nyuma ya mwili wake. Filamu inaitwa Karabai, na karabai yenyewe isionekane! Kwenye fremu ya 5 mchoraji aliiweka mkono wa karibu, kwa sababu ana jicho la kuchora na aliona ndivyo inavyopendeza. Matokeo yake, kati ya fremu ya 4 na ya 5 taa imehama mkono yenyewe.

Nilimpigia. Akanijibu kwa upole wake wote: "Dada, nimesoma mara tatu. Kushoto kwako, kwake, au kwa karatasi?"

Sikuwa na jibu, maana kichwani mwangu nilikuwa nimezitumia zote tatu.

Siku ya 7

Nimekaa ufukoni na daftari. Nimeona jambo ambalo kila mtu wa Ujiji analijua bila kulifikiria: hapa mwelekeo ni mmoja tu. Ziwa liko magharibi, nchi inapanda mashariki. Anayeondoka anakwenda ziwani, anayerudi anakuja bara. Hadithi yangu nzima imefungwa kwenye mstari huo mmoja: mtumbwi upande mmoja, binti upande wa pili. Wapiga filamu wanauita mhimili. Kamera ikikaa upande mmoja wa mhimili, kila anayekwenda ziwani atakwenda kushoto kwenye skrini na kila anayerudi atakwenda kulia. Ikiruka upande wa pili, pande zinageuka na mtazamaji anapotea bila kujua kwa nini.

Kwa hiyo nimeamua kwamba kila meseji itaanza kwa kusema ziwa liko wapi kwenye fremu, kabla ya jambo lingine lolote. Nimezipa herufi mbili mbili. ZK ni ziwa kushoto, yaani kamera inatazama kaskazini. ZM ni ziwa mbele, tunatazama magharibi moja kwa moja. ZN ni ziwa nyuma ya kamera, tunatazama bara. Kuna ya nne, ZL, ziwa kulia. Hiyo nimeiandika kwenye daftari na kuikata kwa kalamu nyekundu. ZM na ZN zinakaa juu ya mhimili wenyewe, hazipindui pande. ZL inapindua.

Sharti la pili: kushoto na kulia ni vya fremu tu. Mwili wa mtu hauna kushoto tena. Akionekana kwa ubavu, ana mkono wa karibu na mkono wa mbali. Akitutazama, ana mkono ulio kushoto mwa fremu na ulio kulia mwa fremu. Kusoma ni kugumu kidogo, lakini hakuna tafsiri mbili.

Ilibaki namna ya kusema kitu kiko wapi ndani ya fremu. "Juu kidogo upande wa kushoto" inachukua herufi 28 na haisemi kitu. Hapo ndipo kiswaswadu chake kikanisaidia: vitufe vyake. Fremu ukiigawa mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu unapata vyumba 9, sawasawa na vitufe vya simu. 1 2 3 juu, 4 5 6 katikati, 7 8 9 chini. Anavishika mkononi kila siku, hahitaji kufundishwa.

Fremu ya 5 nimeiandika upya:

"F5. ZK. Pana, kamera magotini. Mstari wa maji juu ya 789. Binti 3-6-9, uso ziwani. Taa imezimwa, mkono wa karibu. Mtumbwi 7, omo ziwani. Jua 4 chini. 5 tupu."

Nimehesabu, ni herufi 157. Ninajivunia meseji hii kuliko mambo mengine niliyoandika mwaka huu.

Niseme kwa nini kila neno limekaa hapo. Omo ni mbele ya mtumbwi. "Kamera magotini" na "mstari wa maji juu ya 789" ni jambo moja lililosemwa mara mbili, kwa makusudi. Mahali ambapo maji yanakutana na mbingu huwa usawa wa jicho la kamera. Kamera ikiwa usawa wa magoti, mstari huo utamkata binti magotini, na binti akijaza fremu kutoka juu hadi chini, magoti yake yanaangukia karibu theluthi ya chini. Kwenye mchoro wa kwanza mstari ulimpita kifuani. Hiyo ni kamera iliyoinuliwa hadi kifuani mwa binti, tena mtumbwi inauona kwa juu. Sasa kichwa na mabega ya binti vinasimama peke yake mbinguni. Mchoraji akikosea kimoja cha vile viwili, kingine kitamshtua.

"5 tupu" ndiyo ninayoipenda. Chumba cha katikati hakina kitu. Hicho ndicho binti anachotakiwa kukivuka. Usipomwambia mchoraji kwamba pawe patupu, atapajaza: ndege, wavu, mtu anayepita. Karatasi tupu inamuwasha mchoraji yeyote.

Siku ya 9

Fremu ya 6 na ya 7, kupokezana taa. Binti ameingia majini hadi magotini na kunyoosha mkono, baba ameinama kutoka mtumbwini. Nataka mkato, pale picha moja inapoisha na nyingine kuanza ghafla, uangukie katikati ya kitendo, kwa sababu jicho likifuata mkono unaokwenda halioni mkato.

Shida ni kwamba fremu ya storibodi ni picha iliyosimama, na shoti moja ina mwanzo na mwisho. Kwa hiyo nimeigawa: 6a binti anaanza kunyoosha, 6b mikono miwili iko kwenye mpini wa taa. Halafu 7, picha ya karibu ya taa peke yake, nayo inaanza na mikono ile ile miwili kabla wa binti haujaachia. Nimeandika "7 inaanza pale 6b ilipoishia, mikono yote miwili ipo". Bila sentensi hiyo mchoraji angechora 7 taa ikiwa tayari kwa baba, na siku ya kupiga ningepiga hivyo hivyo, kisha wakati wa kuhariri nikakosa sekunde ya kukatia.

Mitazamo ya macho nayo imejipanga yenyewe kwa ajili ya ZK. Baba mtumbwini anatazama kulia, binti anatazama kushoto. Ukiwaona kila mmoja peke yake bado unajua wanatazamana.

Siku ya 12

Nimemwonyesha mzee mmoja jirani, aliyevua miaka mingi, orodha yangu ya fremu za usiku. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akasoma kimya. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, huu mwezi umeuweka wewe?"

Fremu ya 12 niliandika mwezi mpevu kwenye 3, na njia ya fedha juu ya maji. Akanieleza ninachopaswa kukijua tangu utotoni: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye taa yako, wavuvi wanapumzika. Baba wa hadithi yangu ametoka usiku ambao wenzake wote wamelala nyumbani.

Akaongeza la pili. Fremu ya 6 ya mwanzoni, kabla sijaiandika upya, taa ilikuwa inawaka mkononi mwa binti. Nilitaka mwanga usoni pake. "Nani anawasha karabai ufukoni? Mafuta ya nani hayo?" Karabai inapigwa pampu na kuwashwa huko huko kwenye kuvua. Na wengi siku hizi wameshahamia taa za sola na betri, kwa hiyo hadithi yangu ni ya miaka ya nyuma, na nihakikishe hakuna taa ya betri inayoonekana kwenye mitumbwi mingine nyuma.

Nimeandika: taa imezimwa kuanzia F2 mpaka F11. Inawaka F12 kwa mara ya kwanza, na mtazamaji haioni ikiwashwa. Imezimwa tena F18.

Siku ya 13

Bila mwezi, F12 imebaki giza. Nilihuzunika nusu saa kisha nikaona ni bora zaidi.

F11 binti yuko ndani, kibatari kinawaka. F12 ni ziwa usiku, ZM. Badala ya mkato nataka picha moja iyeyuke ndani ya nyingine: mwali wa kibatari ubaki, ukuta upotee, na mwali huo huo uwe taa ya baba mbali majini. Hili linafanikiwa kwa sharti moja tu, kwamba viwili hivyo vikae mahali pamoja. Nimeandika "mwali F11 uko 4, katikati ya chumba. Taa F12 iko 4, katikati ya chumba, ukubwa ule ule". Vyumba vya simu hapa vinafika mwisho wa uwezo wao. Chumba kimoja kwenye karatasi yake ni zaidi ya sentimita 5 kwa upana na 3 kwa urefu, na mwali ukihama sentimita 2 ndani ya chumba hicho hicho, kwenye skrini utaruka. Kwa hiyo kwa fremu hizi mbili tu nimempa vipimo: kutoka ukingo wa kushoto sentimita 3, kutoka juu sentimita 4 na nusu. Na nimemwambia aweke karatasi moja juu ya nyingine, azielekeze dirishani, aone kama miali inalala pamoja.

Taa za mitumbwi mingine ziende 5 na 6, zikipungua ukubwa. Kila taa na mwanga wake juu ya maji, na mwanga huo ushuke wima kuja kwetu, usilale pembeni. Wengi huchora miale ikienda huku na huku kama ya jua. Ukisimama ufukoni usiku wa giza utaona kila taa ina mstari wake unaokuja miguuni pako.

Nimeamua kuyeyusha kutumike hapa tu, na kwenda F18 kulipopambazuka. Kwingine kote ni mkato. Kila ikitumika imaanishe saa zimepita, na nikiitumia hovyo haitamaanisha kitu.

Siku ya 15

Michoro ya F6 hadi F12. Taa iko sawa kila mahali! Ila fremu ya 8 na ya 9 zina kitu, sikujua ni nini. Nikafanya jaribio: nikaficha maandishi kwa karatasi, nikampa mpwa wangu wa miaka 10 aniambie hadithi kwa kutazama michoro tu.

Alikwenda vizuri mpaka 7. Kufika 8: "Mjomba anaondoka." Kufika 9: "Amerudi. Amesahau kitu kingine."

Hajarudi. Ni mtumbwi ule ule unaozidi kwenda mbali. Nikarudi kwenye meseji zangu. F8 niliituma usiku nimechoka, nikaandika "kamera nyuma ya mtumbwi wa jirani upande wa kaskazini". Sikuanza na herufi zangu mbili. Kaskazini mwa mhimili, kutazama kusini, ni ZL, ile niliyoikata kwa wino mwekundu. Mchoraji akafuata nilivyosema: mtumbwi unakwenda kulia. F9 ni ZK, unakwenda kushoto. Mtoto kasoma sawa kabisa na kilichochorwa.

Nilikuwa na njia mbili. Kuweka fremu ya ZM kati ya 8 na 9, mtumbwi katikati ya skrini, tezi, yaani nyuma yake, ikiwa kwetu, unapungua. Kutoka kwenye picha kama hiyo, iliyo juu ya mhimili, unaweza kuvuka upande wa pili bila kumpoteza mtu. Au kuirudisha kamera ya F8 kusini. Nimechagua ya pili. Kama nitavuka wakati wa kuondoka, sitajua nirudishe pande lini, na asubuhi nahitaji mtumbwi uje kulia ndipo usomeke kama marejeo. F8 mpya inaanza na ZK. Mtumbwi wa jirani nimeuhamishia upande wa huku, ukate 7 na 8 mbele kabisa karibu na kamera, wa baba upite nyuma yake.

Kitu kingine ambacho mpwa hakukiona lakini mimi nimekiona: kanga ya binti. Aliingia majini F6, F7 hatumwoni, F10 yupo ufukoni na pindo kavu. Nilisema "kanga imelowa" kwenye F6b nikadhani inatosha. Mchoraji hachori kwa mpangilio, F10 aliichora kabla ya F6.

Siku ya 16

Nimetengeneza jedwali la hali kwenye daftari, la kwangu mwenyewe, simtumii. Mistari ni taa, pindo la kanga, jua, idadi ya mitumbwi ufukoni, nyayo mchangani. Safu ni fremu 1 hadi 22. Kwenye meseji naandika kilichobadilika tu, maana nikiandika hali zote kila mara hatazisoma, nami nisingezisoma. Lakini kitu kikitoka kwenye fremu kisha kikarudi, hali yake nairudia hata kama haijabadilika. F10 sasa ina "pindo limelowa hadi magotini".

Mstari wa jua umenipa zawadi. Jioni jua liko kushoto mwa fremu, vivuli vinalala kulia, kuelekea bara. Asubuhi linatoka kulia, nyuma ya miembe, na vivuli vya miembe vinanyooka kwenda ziwani. Mahali pale pale, kamera pale pale, na mtazamaji anajua ni asubuhi bila jogoo kuwika. Kwenye meseji ni maneno mawili: "vivuli ziwani".

Siku ya 20

F13 hadi F19. Hizi sina la kuzisemea sana, zimekuja jinsi zilivyoandikwa. Nimezirudisha mbili tu, na zote kwa sababu moja: niliandika "ana wasiwasi" na "anamkumbuka baba". Hayo hayachoreki. Nimebadilisha ya kwanza kuwa "ameshika fremu ya mlango, vidole vinabana, uso ziwani". Ya pili nimeifuta. Fremu zilizobaki zinamkumbuka baba zenyewe.

Mchoraji ameanza kunijibu kwa lugha yetu. Jana nimepokea: "F17 ZM au ZN? Hujasema." Hakuna salamu wala nini. Nimefurahi kuliko salamu.

Siku ya 23

Zimebaki tatu. F20, mtumbwi unaingia kutoka kushoto, taa imezimwa imening'inia. F21, binti anautazama, kisha 22.

F22 imenishinda mara nne. Nataka ifanane na F5: binti 3-6-9, mtumbwi 7, maji juu ya 789. Mahali pamoja, mambo matatu yamegeuka: omo iko bara, vivuli viko ziwani, na 5 siyo tupu tena. Cha kuweka kwenye 5 ndicho sijakiamua. Baba akitembea kutoka majini ni rahisi mno. Taa ikiwa peke yake, imeshikwa na mkono unaoingia kutoka upande wa ziwa, inanivutia, lakini mchoraji anasema mkono usio na mwili utatisha. Huenda ana haki.

Nimemtumia zote mbili, 22a na 22b, kila moja meseji yake. Jirani yake yuko nyumbani Jumamosi.